Kompyuta mbili za mtumba, Windows moja, na mlango wa Valorant

Chukua kompyuta mbili za ofisini, za aina ile inayoingizwa kwa makontena na kuuzwa mtumba Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Ya kwanza ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, yenye Core i7-3770. Ya pili ni OptiPlex 7040 yenye Core i5-6500, changa kwa miaka kama mitatu hivi. Zote mbili hazimo kwenye orodha ya kompyuta ambazo Microsoft inazikubali kwa Windows 11, na zote mbili muuzaji amezilazimishia Windows 11 hiyo hiyo kwa fleshi iliyotengenezwa ikwepe ukaguzi. Zinawaka vizuri na video zinacheza. Kisha mnunuzi anaweka gemu la Valorant.

Kwa nguvu, zote zinatosha. Valorant ilitoka Juni 2020 ikiwa imeundwa makusudi iende kwenye mashine duni. Kiwango chake cha chini ni RAM ya GB 4 na michoro ya Intel HD 4000, ile ile iliyomo ndani ya i7-3770. Lakini gemu halifunguki kwenye yoyote kati ya hizo mbili. Kinachotokea ni kisanduku chenye msimbo VAN9001, kinachosema toleo hili la Vanguard linataka TPM 2.0 na Secure Boot. Moja ya mashine hizi inaweza kutengenezwa kwa kazi ya mchana mmoja ikaingia. Nyingine haitaingia kamwe ikiwa na Windows 11. Kisanduku kinachotokea ni kile kile kwa zote, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia, maana sharti lenyewe nitalitetea.

Vanguard ni mlinzi wa Riot Games, watengenezaji wa Valorant, dhidi ya wadanganyifu. Draiva yake, `vgk.sys`, inaingia kwenye kiini cha Windows mapema, kompyuta inapowaka, ili ikague kila kinachoingia baada yake. Udhaifu wa mpango huo unaonekana upesi: itakuwaje kama mwizi ameingia kabla yake? Wauzaji wa programu za udanganyifu walikuwa wamekwisha kuligundua jibu. Mteja anawasha kompyuta kwa fleshi yenye programu ndogo inayokaa kati ya UEFI, yaani programu ya bodi inayoiwasha kompyuta, na Windows, inabadilisha kiini cha Windows kikiwa bado kinapakiwa, halafu inaiacha Windows iendelee. Vanguard ikifika, inaiuliza Windows kama kuna mgeni, na Windows iliyokwisha kuchezewa inajibu kwamba hakuna. Aliyetangulia kuingia ndiye anayewaandikia majibu wote wanaofuata.

Secure Boot inauziba mwanya huo. UEFI inakuwa na orodha ya funguo inazoziamini, na kila faili la kuwashia mfumo lazima liwe na sahihi inayolingana na mojawapo; lisilokuwa nayo haliendeshwi. Ile fleshi inakataliwa pale mlangoni. TPM inafanya kazi tofauti, na watu wengi huzichanganya. Yenyewe haizuii chochote. Ni chipu yenye kazi ya karani. Kila hatua ya kuwaka kwa kompyuta inapimwa, na alama ya kipimo hicho inaongezwa kwenye rejista za chipu hiyo kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma hadi kompyuta iwashwe upya. Rejista namba 7 ndiyo inayobeba hali ya Secure Boot. Gemu likitaka uthibitisho, chipu inaweza kutoa nakala ya rejista hizo ikiwa imesainiwa kwa ufunguo ambao haujawahi kutoka nje ya chipu. Windows iliyorogwa inaweza kusema "Secure Boot imewashwa" hata kama si kweli. Sahihi ile haiwezi kuigushi.

Kuna faida ya tatu ambayo watengenezaji wa magemu hawaipigii sana debe. Kila TPM 2.0 ina ufunguo wake wa kuzaliwa nao. Mchezaji aliyefungiwa kompyuta yake alikuwa akinunua programu ya kubadilisha namba za diski na kadi ya mtandao, kisha anarudi na akaunti mpya kama mgeni. Ufunguo wa TPM haubadilishwi kwa njia hiyo. Hata ukiifuta TPM kwa `tpm.msc`, ufunguo wa kuzaliwa unabaki ule ule. Kwa soko la mtumba hili si jambo dogo, maana inawezekana kabisa kununua bodi ambayo mwenyewe wa kwanza, huko ilikotoka, aliifungisha.

Kwa hiyo sharti lina akili. Riot ililiweka kwa watumiaji wa Windows 11 mwaka 2021, mfumo huo ulipokuwa unatoka, kwa hoja kwamba Windows 11 yenyewe inadai vitu hivyo hivyo. Watumiaji wa Windows 10 hawakuguswa. Ndiyo maana ile 7010 yenye i7-3770, ikirudishiwa Windows 10, inacheza Valorant bila neno. Mashine ni ile ile, chipu ni zile zile, mchezaji ni yule yule. Kilichobadilika ni namba ya Windows. Na tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwenye mashine hiyo anachagua kati ya mfumo unaoachwa bila viraka vya usalama na gemu lisilofunguka. Mlinzi anayedai usalama wa mashine amekuwa sababu ya mtu kubaki kwenye mfumo usio salama, na sijaona mahali Riot ilipolijibu hilo kwa ufasaha.

Sasa tuingie kwenye mashine zenyewe, tuanze na inayoponyeka.

OptiPlex 7040 ikitoka dukani mara nyingi Windows imewekwa kwa njia ya zamani, kwa sababu fundi alitumia fleshi yake ya siku zote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha soma mistari miwili. BIOS Mode itasema Legacy, na Secure Boot State itasema Unsupported. Neno hilo la pili limewatia hasara watu wengi, kwani wanalielewa kwamba bodi haina Secure Boot, wanakwenda kununua nyingine. Kumbe maana yake ni kwamba Windows hii imewashwa kwa njia ambayo Secure Boot haifanyi kazi ndani yake. Bodi yenyewe haina kasoro. Kisha fungua `tpm.msc`. Upande wa chini kulia kuna Specification Version. Kwenye 7040 nyingi utakuta 1.2.

Kazi ni mbili basi, na mpangilio wake ni muhimu: diski kwanza, TPM baadaye, kwa sababu TPM 2.0 inahitaji mashine inayowaka kwa UEFI. Kabla ya lolote, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, uangalie kama diski imefungwa kwa usimbaji:

```
manage-bde -status
```

Ikisema Protection On, hifadhi ule ufunguo wa tarakimu 48 mahali nje ya kompyuta hiyo, halafu fungua usimbaji wa diski yote kabla ya kuendelea. Kuna njia fupi zaidi ya kuusimamisha tu, lakini kazi hii inagusa mpangilio wa diski na pia inaifuta TPM, na mimi nisingeilalia usingizi. Anayeruka hatua hii hukutana na skrini ya buluu inayodai tarakimu hizo 48, na asipokuwa nazo, picha na kazi zake zimekwenda.

Baada ya hapo mpangilio wa diski unabadilishwa kutoka MBR, ule wa zamani, kwenda GPT, ule unaotakiwa na UEFI. Kwenye Command Prompt ile ile, anza na jaribio:

```
mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS
```

Amri hii haibadilishi kitu, inakagua tu. Hapa ndipo kompyuta za dukani hukwama, na sababu karibu kila mara ni ile ile: fundi amegawa diski ili mteja apate D: ya kuhifadhia. Chombo hiki kinakubali si zaidi ya vigawanyo 3 vya msingi kwenye diski, na kinakataa kabisa vile vya ziada vilivyomo ndani ya kigawanyo kingine. Windows ikishakuwa na sehemu yake ya kuwashia, C: na sehemu ya uokoaji, D: huwa ni ya nne, na mara nyingi imewekwa kwa mtindo huo unaokataliwa. Dawa ni kuhamishia vilivyomo kwenye D: kwenye diski ya nje, kuifuta D: pamoja na kigawanyo kinachoibeba kwa `diskmgmt.msc`, kisha kujaribu tena. Ikishapita, amri ni ile ile, neno moja tu linabadilika:

```
mbr2gpt /convert /disk:0 /allowFullOS
```

Inamaliza kwa dakika chache na faili zinabaki mahali pake. Baada ya hapo Windows haitawaka kwa njia ya zamani, kwa hiyo ukiwasha upya gonga F2 uingie kwenye mipangilio ya bodi. Chini ya General, Boot Sequence, weka Boot List Option kuwa UEFI. Kwenye Advanced Boot Options ondoa alama ya Enable Legacy Option ROMs. Kisha nenda Secure Boot Enable, uiwashe, uhifadhi na utoke.

Kosa la kawaida ni kuanza na F2 kabla ya kubadilisha diski. Mashine inajibu kwamba haioni kifaa cha kuwashia, na mwenyewe anadhani diski imekufa. Haijafa. Rudisha mpangilio wa Legacy na Windows itawaka kama jana. Ubadilishe diski, ndipo urudi. Nina hakika kuna Windows nyingi zimefutwa na kuwekwa upya, kwa malipo, kwa sababu ya skrini hiyo moja.

Imebaki TPM. Dell ilitoa programu ya kuipandisha chipu ya kizazi hiki kutoka 1.2 hadi 2.0, na inapatikana kwenye ukurasa wa 7040 ukiingiza namba ya huduma iliyobandikwa kwenye kasha. Sasisha BIOS kwanza. Halafu kuna ujanja mdogo ambao bila huo programu inakataa: Windows ikiiona TPM tupu, inaichukua na kuimiliki papo hapo, na chipu inayomilikiwa haisasishwi. Kwa hiyo iambie Windows itulie, kwenye PowerShell ya msimamizi:

```
Disable-TpmAutoProvisioning
```

Washa upya, ingia F2, na chini ya Security futa TPM kwa chaguo la Clear. Rudi Windows, endesha programu ya Dell, na usiguse umeme mpaka imalize. Kwa maeneo ya kukatikakatika, hii si kazi ya kufanya bila UPS. Mwishoni tumia `Enable-TpmAutoProvisioning` kurudisha hali ya kawaida. PIN ya kuingilia Windows inaweza kukataa baada ya hapo, kwa kuwa ilihifadhiwa kwa msaada wa chipu iliyofutwa, hivyo hakikisha unalikumbuka neno la siri lenyewe. Uthibitisho ni huu:

```
Confirm-SecureBootUEFI
```

Likija True, na `tpm.msc` ikisema 2.0, VAN9001 inaondoka. Vanguard haijali kwamba i5-6500 haimo kwenye orodha ya Microsoft. Haiulizi kizazi cha prosesa. Inauliza chipu na hali ya kuwaka.

Kwenye OptiPlex 7010 ya 2012, hatua zote za diski zinawezekana. Inawaka kwa UEFI, na Secure Boot inayo. Inapokwama ni kwenye chipu: ni TPM 1.2, na hakuna njia ya kuipandisha. Tofauti ya 1.2 na 2.0 haiishii kwenye namba. Ya zamani imejengwa juu ya SHA-1, hesabu ambayo siku hizi haiaminiki, wakati ya 2.0 inatumia SHA-256. Wala hakuna swichi ya Intel PTT, ile TPM iliyomo ndani ya mfumo wa prosesa wa miaka ya baadaye. Mwenye mashine hii anaweza kukesha wiki nzima akifuata maelekezo ya mtandaoni ya "washa TPM yako", na kila hatua ataifuata sawasawa.

Ndiyo maana nasema kile kisanduku kina kosa. Vanguard inajua. Windows inaiambia toleo la TPM iliyopo na kama Secure Boot imezimwa au mashine imewaka kwa Legacy. Ingeweza kumwambia wa 7040 kwamba chipu yake ni 1.2 na aulize mtengenezaji, na kumwambia wa 7010 kwamba hakuna cha kufanya. Badala yake wote wanapewa msimbo na kutumwa kwenye BIOS, sehemu ya kompyuta ambayo mchezaji wa miaka 16 hajawahi kuiona na ambako kugusa pasipofaa kuna gharama.

Kwa mashine za kuunganisha mwenyewe hali ni nyepesi zaidi, ila mitego miwili inatosha kutajwa. TPM huwa imefichwa chini ya jina PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD, na kwenye bodi za zamani kidogo inakuja ikiwa imezimwa. Mtego wa kwanza ni wa bodi za Gigabyte: Secure Boot inaandikwa Enabled, lakini pembeni yake pana Not Active. Maana yake funguo hazijapakiwa, yaani mlango una kitasa kisicho na kufuli. Badilisha mtindo kutoka Standard kwenda Custom, chagua kurejesha funguo za kiwandani, hifadhi, na baada ya kuwasha upya itasomeka Active. Mtego wa pili ni CSM, sehemu inayozisaidia programu za zamani, ambayo lazima izimwe ili Secure Boot iwake. Ukiizima wakati kadi ya video ni ya kale isiyoijua UEFI, skrini inabaki nyeusi tangu unapobonyeza swichi. Chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, rudisha, na bodi inasahau ulichobadilisha. Kadi hiyo haitakupitisha.

Lakini je, taabu yote hii inawazuia wadanganyifu? Kwa sehemu, na ni vizuri kujua sehemu ipi. Secure Boot inasema tu kwamba safari ya kuwaka ilikuwa safi. Haisemi lolote juu ya draiva yenye sahihi halali lakini yenye tundu, ambayo mdanganyifu anaipakia baadaye na kupitia tunduni humo. Haigusi pia kadi za DMA, vifaa vinavyochomekwa kwenye PCIe vikasoma RAM moja kwa moja na kuipeleka kwenye kompyuta ya pili. Kinga ya hizo inaitwa IOMMU, na Desemba 2025 Riot ilieleza kwamba baadhi ya bodi za Asus, Gigabyte, MSI na ASRock zilikuwa zikitangaza kinga hiyo imewashwa ilhali haikuwa imeandaliwa mapema vya kutosha wakati wa kuwaka. Tiba ilikuwa sasisho la BIOS, na baadhi ya wachezaji walizuiwa hadi walifanye. Kabla ya hapo, Januari 2023, ilifahamika kwamba bodi nyingi za MSI zilikuwa zikionyesha Secure Boot imewashwa huku sera yake ya ndani ikiruhusu kila faili liendeshwe, lenye sahihi na lisilo nayo. Neno On kwenye skrini linategemea uaminifu wa aliyeunda bodi, na wachezaji wamekuwa wakiadhibiwa kwa makosa ambayo si yao wala ya Riot.

Pamoja na hayo, sioni njia ya kurudi nyuma. Battlefield 6, iliyotoka Oktoba 2025, inataka Secure Boot kwa kila mchezaji wa PC, na Call of Duty: Black Ops 7 ya Novemba mwaka huo inataka hiyo pamoja na TPM 2.0. Kwa Battlefield 6 sikasiriki sana, maana kiwango chake cha chini ni Core i5-8400 na RTX 2060, na mashine yenye vitu hivyo ina TPM 2.0 tayari, sharti linamgharimu mwenyewe dakika kumi za BIOS. Valorant ndiyo inayouma, kwa sababu ilijitangaza kwa wenye mashine ndogo. Kwake ningependa mlango mgumu ubaki kwenye mechi za kupanda daraja, ambako udanganyifu una tija, na mechi za kawaida ziachiwe hata mashine ya 1.2.

Kwa anayenunua wiki hii, ukaguzi ufanywe dukani kabla ya pesa kutoka. Omba mashine iwashwe, fungua `tpm.msc`, usome Specification Version. Ikiwa ni 1.2, uliza modeli na uangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji, hapo hapo kwa simu, kama kuna programu ya kuipandisha. Ikisema "Compatible TPM cannot be found", mwambie fundi aingie kwenye BIOS aiwashe ukiwa unaona; asipoipata, ichukulie kwamba haipo. Na usinunue kwa jina: mwaka 2023 Dell ilitoa OptiPlex nyingine, yenye prosesa za kizazi cha 13, ikaiita 7010.